Jina limefutwa, namba imebaki: fumbo la ripoti za matangazo

Mfanyabiashara mmoja wa pampu za sola jijini Dar es Salaam ana mafaili mawili ya kampeni ileile. La kwanza lina majina na namba za simu za kila aliyejaza fomu kwenye tangazo lake la mtandaoni. La pili limesafishwa, halina jina wala namba. Anasema faili la kwanza humletea hela na la pili humletea maswali.

Wanaouza bidhaa za kuagizwa wanaujua utaratibu huu. Mwagizaji mkubwa humrudishia muuzaji wa rejareja sehemu ya gharama za tangazo, mara nyingi nusu, ili mradi muuzaji athibitishe kuwa watu walilijibu. Kwa miaka mingi uthibitisho umekuwa orodha ya simu. Mwagizaji huchagua namba kumi hivi, anapiga, na akisikia watu wanaoikumbuka pampu, analipa. Sasa, kwa jina la sheria ya taarifa binafsi, muuzaji anaambiwa afute namba hizo kabla ya kutuma chochote nje ya duka lake.

"Nikimpelekea orodha isiyo na namba, ananiambia hizo ni hesabu za mezani," anasema mfanyabiashara huyo, aliyeomba asitajwe kwa kuwa bado anadai marejesho ya kampeni mbili. "Nikimpelekea yenye namba, baada ya wiki mbili wateja wangu wananipigia. Wanasema kuna kijana amewapigia, anawapa pampu ileile kwa bei ya chini kuliko yangu. Tangazo nimelipia mimi, nimekesha kujibu meseji mimi, mavuno yakaenda kwake. Nikilalamika naambiwa labda mteja alitafuta mwenyewe mtandaoni. Mteja wa kijijini atafute mwenyewe ofisi ya mwagizaji, na aipate ndani ya wiki mbili?"

Manung'uniko yake yanaeleza biashara hii vizuri kuliko sheria inavyoieleza. Katika wauzaji na mawakala wa matangazo niliozungumza nao, hakuna aliyeanza kufuta namba kwa kuiogopa faini. Walianza baada ya kuibiwa wateja.

Sheria yenyewe ipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya na Uganda zilitunga zao mwaka 2019, na ya Kenya inaruhusu faini ya hadi shilingi milioni 5 za huko au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo. Ofisa mmoja anayeshughulikia eneo hili aliniambia kuwa wafanyabiashara "wengi wameshaitikia". Nilipomuuliza wengi ni wangapi, alisema takwimu zinaandaliwa. Nilipomuuliza kama wamewahi kufungua hata ripoti moja ya matangazo kuona kilichomo, alirudi kwenye semina walizoendesha. Kuhudhuria semina na kusafisha faili ni vitu viwili.

Faili linalodaiwa kuwa safi mara nyingi si safi, na kosa la kwanza linatokana na mazingira yetu. Wakala hufuta safu ya majina, anaacha namba ya simu, kisha anaandika juu ya ripoti kwamba wateja hawatambuliki. Ila hapa kwetu namba ya simu ndiyo jina. Anza kumtumia mtu hela kwa simu, ingiza namba yake, na kabla hujathibitisha jina la mwenye laini linatokea kwenye kioo. Mwagizaji mwenye orodha ya namba mia tano na kijana mmoja mvumilivu anaweza kurudisha majina yote mia tano bila kutuma hata shilingi.

Kosa la pili ni la wajuzi zaidi. Hawaachi namba wazi, wanaipitisha kwenye heshi, yaani hesabu inayoigeuza kuwa mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Inayotumika sana ni SHA-256, na wameizoea kwa sababu mitandao ya matangazo huwataka wapandishe orodha za wateja zikiwa hivyo. Huwezi kuchukua mfululizo huo ukaurudisha nyuma uwe namba, na hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba hakuna haja ya kurudi nyuma. Namba za simu za mkononi Tanzania zina tarakimu tisa baada ya 255, na huanza na 6 au 7. Hizo ni namba milioni 200 kwa jumla, zinazotumika na zisizotumika. Kompyuta ya kawaida ya mezani inaweza kuzipitisha zote kwenye heshi ileile kwa dakika chache, ikatunza majibu, kisha ikatafuta yanayofanana na ya kwenye ripoti. Mtandao wa matangazo wenyewe humtambua mteja kwa njia hiyohiyo, kwa kulinganisha heshi na heshi. Kama wao wanaweza, mwagizaji naye anaweza.

Njia inayoshika ni ya kizamani zaidi. Kila namba ipewe msimbo wa bahati nasibu, mfano K-4471, na jedwali linalounganisha msimbo na namba libaki dukani, lisitumwe popote. Misimbo isifuate mpangilio wa fomu zilivyoingia, kwani anayejua nani alijaza wa kwanza atahesabu kutoka hapo. Tena mshirika mwingine apewe misimbo tofauti kwa wateja walewale, la sivyo washirika wawili wataunganisha ripoti zao.

Tuchukue mfano wa kampeni ya siku 14 iliyoleta fomu 640. Kabla ya kutoa misimbo, namba ziandikwe kwa mtindo mmoja. Mteja mmoja huandika 07, kesho akarudia kwa kuanza na +255, keshokutwa akaweka nafasi katikati. Usiponyoosha, mtu huyo anapata misimbo mitatu na kuhesabiwa wateja watatu. Tuseme baada ya kunyoosha wamebaki watu 583. Hapo muuzaji anajikuta njia panda: ripoti ya kweli ina watu pungufu 57, na anayelipa anataka kuona watu waliojibu. Wakala mmoja alikiri huku akicheka kwamba hatua hii "huwa inasahaulika".

Jina na namba vikishaondoka, safu zilizobaki bado zinasema: kata, umri, kazi, saa ya kujaza fomu, aina ya pampu. Katika kata ya watu wachache, mwanamke wa zaidi ya miaka 50, mwalimu, aliyeulizia pampu ya kisima kirefu saa nne usiku, hahitaji jina. Jirani yake atamtaja. Kuna kipimo rahisi. Tuseme kata iko safu ya D, rika safu ya E na kazi safu ya F:

```
=COUNTIFS(D:D,D2,E:E,E2,F:F,F2)
```

Kila mstari utaonyesha idadi ya watu wanaofanana kwa mambo hayo matatu. Ukiona 1, huyo yuko uchi. Wakala anayejali huweka kiwango chake, tuseme 10, na kila kundi lililo chini yake hulikuza: kata inakuwa wilaya, kazi inakuwa "ameajiriwa" au "amejiajiri", saa inafutwa inabaki tarehe. Mistari isiyofika 10 hata baada ya hapo inaingizwa kwenye "wengineo". Hasara yake ipo. Mwagizaji aliyetaka kujua apeleke fundi kata gani sasa anajua wilaya tu, na hapa manung'uniko yake yana haki.

Kuna safu moja husahaulika na ndiyo inayovujisha zaidi, ile ya maoni. Humo watu huandika wanavyojisikia: nipigieni kwenye namba ya mume wangu, namba hii hapa, tupo nyuma ya msikiti, muulizie mama fulani. Hakuna fomula itakayoisafisha yote. Ama mtu aisome mstari kwa mstari, ama safu nzima ifutwe. Wengi wa wale niliozungumza nao huiacha kwa kuwa, kwa maneno ya mmoja wao, "ndiyo inayoonyesha kampeni imegusa watu".

Na hata faili likionekana safi, lifunguliwe mara ya pili. Safu iliyofichwa kwenye eksel haijafutwa, mpokeaji huifunua kwa kubofya mara mbili. Jedwali la muhtasari ni hatari zaidi, maana hutunza ndani yake nakala ya data lilikotengenezwa. Unaweza kufuta ukurasa wenye majina, ukatuma muhtasari peke yake, na mpokeaji akibofya mara mbili jumla ya wilaya moja mistari yote ya wilaya hiyo inafunguka mbele yake, namba za simu zikiwemo. Salama ni kunakili tarakimu za muhtasari kama thamani tupu kwenye faili jipya, kulituma hilo, na kabla ya kulituma kutafuta ndani yake 255, 06 na 07.

Linabaki swali la mwagizaji: atajuaje kwamba K-4471 ni mtu? Maduka machache yamejaribu njia moja. Mwagizaji anachagua misimbo 20 anayoitaka mwenyewe, anakuja dukani, muuzaji anapiga kwa simu yake na kuweka spika, mteja anaulizwa mbele ya wote wawili kama alijaza fomu. Namba haiandikwi popote. Ni mwendo wa polepole, na anayetaka kudanganya bado anaweza kujaza fomu kwa simu za ndugu zake, lakini hata orodha ya zamani haikuwahi kuzuia hilo.

Nilipomweleza yule mfanyabiashara wa pampu njia hiyo, alisema mwagizaji wake yuko tayari, kwa sharti kwamba apewe kadi za dhamana za pampu zilizouzwa. Kadi hizo huandikwa namba ya mashine, jina la mnunuzi na simu yake. Kwa wale walionunua, basi, mwagizaji anapata kupitia dirishani kile alichonyimwa mlangoni, na kwa sababu inayokubalika, kwani pampu ikiharibika lazima ajue ni ya nani. Wakala mmoja anaamini kadi zitahamia kwenye namba ya mashine pekee ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mfanyabiashara haamini. Ameanza kuzijaza kadi kwa namba ya simu ya duka lake.