Salma Hakuuza, Alibadilisha Tu

Tuchukue muuguzi mmoja wa Leicester, Uingereza, mzaliwa wa Mombasa. Tumwite Salma, ni mtu wa mfano, na bei zake ni za kubuni ili hesabu iwe nyepesi. Alinunua etha mbili kwa pauni 1,000 kila moja, akalipa ada ya pauni 20. Miezi michache baadaye akaongeza nyingine mbili kwa pauni 2,000 kila moja, ada pauni 40. Bei ilipofika 3,500, akazitoa etha mbili na kuchukua sarafu nyingine ya kidijitali iliyokuwa ikisifiwa sana. Hakuna pauni hata moja iliyoingia benki. Kwa hiyo Salma anaamini kwamba hajauza kitu.

Mamlaka ya mapato ya Uingereza, HMRC, inaamini vingine. Kwake, kubadilishana sarafu kwa sarafu ni kuuza ya kwanza kwa thamani yake ya siku hiyo. Salma ameuza kwa pauni 7,000.

Zilimgharimu kiasi gani? Hapa wengi hukosea, kwa kuchagua zile etha wanazotaka kudai kwamba ndizo zilizouzwa. Uingereza hairuhusu. Etha zote nne huingia chungu kimoja pamoja na ada zake: jumla pauni 6,060, yaani wastani wa 1,515 kila moja. Mbili ni 3,030. Faida basi ni 3,970. Katika mwaka wa kodi wa 2025/26, pauni 3,000 za kwanza za faida za namna hii husamehewa, zikabaki 970. Kwa mwenye kipato cha kawaida kodi ni asilimia 18, takriban pauni 175.

Si fedha nyingi. Lakini ile sarafu mpya ikaporomoka kutoka 7,000 hadi 1,500, na Salma analia kwamba anatozwa kodi juu ya hasara. Ukweli ni kwamba hasara ile bado iko kwenye simu tu. Angeiuza kabla ya tarehe 5 Aprili, mwaka wa kodi unapoisha, hasara ya 5,500 ingemeza faida yote na 1,530 zikabaki za kupunguza faida za miaka ijayo, mradi aziripoti.

Baadhi ya wajanja huuza tarehe 1 Aprili, wakanunua tena tarehe 10. Sheria iliwaona zamani. Ukinunua kitu kilekile ndani ya siku 30 baada ya kuuza, mauzo yako hulinganishwa na manunuzi hayo mapya. Salma akiuza kwa 1,500 na kurudisha kiasi kilekile kwa 1,600, hasara inayotambuliwa ni pauni 100 tu.

Ndiyo maana daftari la miamala huandikwa siku ileile: tarehe, aina ya sarafu, kiasi, thamani kwa pauni wakati huo, ada, na jumla iliyobaki chunguni. Kuhamisha sarafu kutoka pochi yako moja kwenda nyingine si kuuza, lakini kuandikwe pia, la sivyo baada ya miaka miwili utakiona kama mauzo.

Si kila nchi hutaka hesabu hii. Ujerumani hujali zaidi tarehe: mtu binafsi aliyekaa na sarafu zaidi ya mwaka mmoja halipi kodi ya faida yake. Kenya, kuanzia Septemba 2023, ilitoza asilimia 3 ya thamani nzima ya sarafu iliyohamishwa, uwe umepata au umepoteza. Mwaka 2025 ikaiondoa, ikaweka ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma. Kodi ya thamani nzima haiulizi ulinunua kwa bei gani. Ni rahisi kukusanya, na kwa maoni yangu ni dhuluma kwa aliyepata hasara. Kodi ya faida ina haki zaidi, ila hukutwisha wewe mzigo wa kuthibitisha gharama.

Na mzigo huo haubebwi na soko ulikonunua. Soko lenyewe linaweza kutoweka, kama FTX lilivyofilisika Novemba 2022. Tangu Januari 2026 masoko ya sarafu yanayohudumia Uingereza yanakusanya taarifa za wateja ili kuzikabidhi HMRC, ripoti za kwanza zikitarajiwa kufikia mwisho wa Mei 2027. Soko litaeleza kwamba Salma alitoa etha za pauni 7,000. Kama alizinunua kwingine na kuzileta hapo kutoka pochi yake, halijui kwamba zilimgharimu 3,030.