Kamera Haisikii Vitunguu

Basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya hutembea kilomita 830 hivi, na ukiondoka stendi ya Mbezi Luis saa 12 asubuhi, jua litazama ukiwa bado barabarani. Nilipoipiga picha safari hiyo kwa simu, nilirudi na saa mbili na nusu za video. Niliikata ikabaki dakika nane, nikakaa mezani na kuandika maneno ya kusomea juu yake, yale ambayo vijana wa studio huyaita voisova. Nilijaza daftari kurasa sita. Nilirekodi, nikaunganisha, nikamwonyesha shangazi.

Aliangalia dakika mbili tu. "Mwanangu," akasema, "hilo basi nimeliona. Mbona unaniambia tena kwamba ni basi?"

Alikuwa amegusa penyewe. Maneno yangu yote yalikuwa yakirudia picha: tunaondoka stendi, sasa tunapita Mikumi, upande wa kushoto mnaona twiga. Mtazamaji ana macho. Anachokosa ni mengine yote, na hapo Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Sisi husikia harufu, husikia joto, husikia baridi, husikia njaa, na masikio hayahusiki hata kidogo. Karibu kila kitu kisichoonwa, kwetu husikiwa. Nikajiwekea mgawanyo huo: kamera ione, sauti isikie.

Chukua kipande kimoja tu, mlima Kitonga. Anayejua njia ile anajua kinachotokea. Ukishapita Mikumi unateremka hadi bonde la Ruaha, penye mibuyu na joto la kufungulia vifungo vya shati, kisha barabara inaanza kupanda kwa kona kuelekea Iringa. Rasimu yangu ya kwanza ilisema hivi: "Sasa tunapanda mlima maarufu wa Kitonga, wenye kona nyingi za kutisha na mandhari ya kuvutia sana." Isome tena uone kama kuna neno lililomsogeza msikilizaji karibu na dirisha. "Maarufu", "kutisha" na "kuvutia" ni hukumu zangu, nami sikumpa ushahidi wowote. Tena hata asiyepanda basi maishani mwake angeweza kuyaandika akiwa kitandani.

Nikayafuta, nikafumba macho na kujiuliza mwili wangu ulipata nini pale. Kilichobaki ni hiki:

"Masikio yanaziba. Dereva anatia gia nzito, na injini inanguruma mpaka kiti kinatetemeka mgongoni. Dirishani inaingia harufu ya breki za malori yanayoshuka. Kona kadhaa mbele, abiria wa nyuma yangu anafunga kioo. Hewa imepoa."

Hakuna sifa hata moja mle. Bonde halikutajwa, kwa sababu lilikuwa kwenye picha. Na jinsi nchi inavyobadilika kutoka tambarare ya joto kwenda nyanda za juu, jambo ambalo lingenipa aya nzima ya jiografia, limebebwa na mkono wa mtu anayefunga kioo.

Sasa hesabu. Maneno hayo ni 32. Kwa usomaji wangu wa utulivu, maneno 100 hivi hunimalizia dakika, kwa hiyo kipande kile kilichukua sekunde 20 pamoja na pumzi. Picha ya mlima ilikuwa na urefu wa sekunde 45. Wengi hapa hushikwa na wasiwasi wa kujaza sekunde 25 zilizobaki. Ziache. Ni za injini. Jipime mwenyewe kwa saa ya simu kabla ya kuandika, wala usichukue kipimo cha wasomaji wa Kiingereza: neno moja letu, kama "yanayoshuka", limebeba ambacho wao hukisema kwa maneno mawili matatu, kwa hiyo hesabu zao zitakufanya usome kwa kukimbia.

Lakini ili injini ipewe nafasi lazima uwe umeirekodi, na hili hujutiwa nyumbani. Nikiwa na kamera mkononi nilikuwa nikiongea na kukohoa, na sauti nyingi zikaharibika. Siku hizi, kila basi linaposimama, naiacha simu gotini kwa dakika nzima bila kusema neno. Huko ndiko nilikopata konda akigonga bodi, chupa za soda zikigongana ndani ya ndoo, na pale Ruaha Mbuyuni wauza vitunguu wakikimbia sambamba na dirisha, kila mmoja akitaja bei ya chini kuliko mwenzake. Nilipata pia konda akitangaza kituo cha kuchimba dawa, na mlango mzima wa abiria ukicheka kwa sababu mzee mmoja alikuwa ameshashuka zamani.

Kurekodi sauti yako hakuhitaji studio. Kunahitaji nguo. Fungua kabati lililojaa, ingiza kichwa katikati ya makoti, shika simu shubiri moja kutoka mdomoni, lakini pembeni kidogo, isikabiliane na pumzi. Kisha sikiliza kwa spika za masikioni. Kama neno "basi" au "pumzi" linapiga kishindo kama mtu aliyepuliza kipaza sauti, sogeza simu pembeni zaidi. Kama unasikika umo ndani ya pipa, ukuta unakurudishia sauti, ongeza blanketi. Na ukijikuta unasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari, iweke karatasi chini, msimulie mtu mmoja unayemfahamu. Mimi humsimulia shangazi.

Mwisho ndio uliponitesa. Rasimu ya kwanza ilihitimisha kwa namna hii: "Safari hii imenifunza kwamba Tanzania ni nchi nzuri yenye watu wakarimu." Ni kweli, na ni kweli pia kwa safari ya kwenda Tanga, Mwanza, au sokoni. Mwisho wa aina hiyo unatoka nje ya basi kwenda kutafuta maneno. Mwisho ulioshikamana huchukua kitu kidogo kilichopanda basi pamoja nasi mapema, kikasahaulika, kisha ukakirudisha bila maelezo.

Nikapekua video upya. Dakika ya tatu, Ruaha Mbuyuni: mama wa siti ya jirani ananunua mfuko wa wavu wa vitunguu, anakosa pa kuuweka, anausukuma chini ya miguu yangu juu ya koti langu. "Samahani mwanangu, ni hadi Mbeya tu." Ni hadi Mbeya tu! Ilikuwa imebaki zaidi ya nusu ya safari. Sentensi yake niliiacha kama alivyoitamka, bila kuongeza neno, picha ikaendelea na Ilula, misitu ya Mafinga, giza la Makambako. Vitunguu havikutajwa tena.

Picha ya mwisho ni ya chumba cha gesti Mbeya, asubuhi, ukungu dirishani. Nilikuwa na sekunde 12. Nilitumia nane hivi, nikaacha zilizobaki kwa jogoo wa jirani. Maneno yenyewe ni haya:

"Mbeya kuna baridi. Navaa koti. Mama yule alishuka na vitunguu vyake vyote, isipokuwa harufu."