Printa inayopotea umeme ukirudi

Wenye steshenari wa Kibaha na Kisarawe wanaijua hali hii: umeme unakatika, ukirudi printa inawaka vizuri, lakini kompyuta inaandika Offline. Mara nyingi printa ni nzima. Ruta imeigawia anwani mpya, tuseme 192.168.0.104, na kompyuta bado inaitafuta kwenye 192.168.0.101 ya jana.

Tunaiambia ruta iitunzie printa anwani ile ile. Simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya dukani, fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa chini ya ruta, kisha ingiza nywila. Kwenye ruta nyingi za TP-Link utaona DHCP, halafu Address Reservation. Jaza 192.168.0.101 pamoja na MAC Address ya printa, yaani alama 12 za tarakimu na herufi. Printa nyingi huzichapa kwenye karatasi ya taarifa za mtandao. Hifadhi, zima vyote viwili, washa ruta kwanza.

Printa ikirudi na anwani nyingine, huenda umeandika MAC Address ya waya badala ya ile ya Wi-Fi. Printa nyingi zina zote mbili. Na ukibadilisha ruta, itabidi ujaze upya.