Gari la Kukodi: Nani Analipa Nini

Bima kubwa ya gari la kukodi haimwondolei dereva gharama yote ya ajali. Mkataba hutaja kiasi cha kwanza cha hasara ambacho aliyekodi hulipa mwenyewe kabla bima haijaanza kubeba, na wengi huita kiasi hicho ekses. Ekses ikiwa shilingi 600,000, na gereji ikadai 2,400,000 kwa bampa na taa zilizovunjika, aliyekodi hulipa 600,000. Gereji ikidai 400,000, hulipa zote, maana hasara haijafika kiwango. Akigonga mara mbili katika safari moja, kwa kawaida ekses huhesabiwa mara mbili.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye orodha ya vitu visivyolindwa. Mikataba mingi huviweka pembeni tairi, vioo, uvungu wa gari na injini iliyoingiwa na maji, na hapo aliyekodi hulipa gharama kamili, hata ikizidi ekses. Ulinzi wote hufutika iwapo usukani ulishikwa na mtu asiyeandikwa kwenye mkataba, dereva alikuwa amelewa, au ajali haikuripotiwa polisi. Mikwaruzo ya zamani nayo huzua ugomvi wakati wa kurudisha gari, hivyo hupigwa picha kabla funguo hazijakabidhiwa, pamoja na geji ya mafuta na namba ya kilomita.

Kanuni ya mafuta iliyo nyepesi kuthibitisha ni ya kuchukua tangi likiwa limejaa na kulirudisha limejaa. Likipungua, kampuni hujaza yenyewe na mara nyingi huongeza ada ya huduma.

Kilomita zinataka hesabu kabla ya safari. Gari limekodiwa Arusha kwa siku nne, kikomo kikiwa kilomita 100 kwa siku. Kwenda Dodoma ni kama kilomita 430, na kurudi vilevile, jumla 860. Zinazozidi ni 460, na kwa shilingi 500 kila moja deni ni 230,000. Hapa kikomo cha siku zote nne kimejumlishwa kuwa 400. Mkataba ukihesabu kila siku peke yake, siku ya kupumzika Dodoma haifidii chochote na deni hupanda.

Faini za barabarani ni za aliyekuwa akiendesha. Tanzania, deni la kosa huweza kusajiliwa kwa namba ya gari na kuonekana baada ya gari kurudishwa, kwa hiyo kampuni hushikilia dhamana kwa muda, na mkataba wa haki hutaja muda huo.

Kuvutwa kwa gari hufuata chanzo. Giaboksi ikifa kwa uchakavu, gharama ni ya mwenye gari. Aliyekodi hulipa akitia petroli kwenye injini ya dizeli, au akikwama kwenye njia iliyokatazwa na mkataba. Akiita fundi bila kuipigia kampuni simu kwanza, huenda asirudishiwe fedha hata kama kosa si lake.