Wekundu wa Mto Tana: kusoma afya ya mimea kwenye picha za setilaiti

Picha ya setilaiti ya Garissa na Tana River iliyopigwa Septemba, kiangazi kikiwa kinaelekea ukingoni, huonyesha nchi ya rangi ya majivu iliyokatwa na utepe mwekundu. Utepe huo ni kingo za Mto Tana. Mto wenyewe, kwa sababu ya tope lake, huonekana kama uzi wa samawati hafifu katikati ya wekundu. Anayeiona picha hiyo kwa mara ya kwanza hudhani nchi imeungua kando ya maji. Kumbe penye wekundu ndipo penye uhai, na majivu ndiyo ukame.

Rangi hizo zimepangwa na binadamu. Setilaiti kama Sentinel-2 za Ulaya hupima mwanga kwa mafungu, na baadhi ya mafungu hayo jicho letu haliyaoni. Mojawapo ni infraredi ya karibu, ambayo iko mbele kidogo tu ya wekundu wa mwisho tunaoweza kuuona. Skrini ya kompyuta nayo ina rangi tatu tu za kuchezea: nyekundu, kijani na buluu. Basi wataalamu huupa mwanga usioonekana nafasi ya nyekundu, wakasogeza mwanga mwekundu halisi kwenye nafasi ya kijani, na wa kijani kwenye nafasi ya buluu. Hii ndiyo picha ya rangi bandia.

Faida ya kusogeza rangi hivyo imo ndani ya jani. Klorofili hunyonya mwanga mwekundu kwa wingi ili kutengeneza chakula cha mmea, kwa hiyo mwanga huo haurudi juu ila kidogo sana. Infraredi ya karibu haina kazi kwa jani. Ikiingia, hugongana na kuta za seli na mianya ya hewa iliyo katikati yake, ikatawanywa, na karibu nusu yake hurudishwa angani. Hakuna udongo, jiwe wala bati linalofanya yote mawili kwa pamoja, yaani kumeza nyekundu na kurudisha infraredi kwa kiwango hicho. Ndiyo maana katika Vita vya Pili vya Dunia filamu za aina hii zilitumika kuwasaka askari waliojificha. Turubai lililopakwa rangi ya kijani lilidanganya jicho, lakini kwenye filamu halikuwaka kama majani hai.

Mtu anaweza kujifunza kusoma picha hizi bila hesabu yoyote, kwa kuangalia namna wekundu unavyofifia. Mmea unapoanza kuishiwa maji na klorofili yake kupungua, mwanga mwekundu uliokuwa ukinyonywa huanza kurudi. Kwenye picha mwanga huo huingia nafasi ya kijani na kuuchafua wekundu, nao ukageuka waridi, kisha hudhurungi. Waridi pia hutokea pale mimea ni mizima lakini michache, kwa kuwa kila nukta ya picha ya Sentinel-2 inabeba eneo la mita 10 kwa 10, na ndani yake nyasi na udongo mtupu huchanganyika kuwa rangi moja. Kwa hiyo waridi ya picha moja haikuambii kama shamba linaumwa au limepandwa kwa nafasi kubwa. Utajua kwa kuweka picha ya wiki tatu nyuma kando ya ya leo. Ikiwa palikuwa pekundu na sasa pamepauka, na mavuno bado, pana tatizo.

Wanaotaka kipimo badala ya macho hutumia fahirisi iitwayo NDVI, ambayo ni hesabu ya mafungu hayo mawili tu:

```
NDVI = (B8 - B4) / (B8 + B4)
```

B8 ni infraredi ya karibu na B4 ni nyekundu. Tuseme shamba la kumwagilia linarudisha asilimia 40 ya infraredi na asilimia 5 ya nyekundu. Tofauti ni 35, jumla ni 45, jibu ni 0.78, na hilo ni shamba lililostawi. Malisho makavu ya jirani yanarudisha asilimia 28 na 20. Tofauti ni 8, jumla ni 48, jibu ni 0.17. Kwenye picha, shamba ni jekundu la kuwaka, malisho ni majivu.

Turudi Tana, maana hapo ndipo msomaji wa haraka huteleza. Ondoka mtoni uelekee nyikani na wekundu unakwisha ghafla. Sehemu kubwa ya majivu hayo si mimea iliyokufa. Migunga na vichaka vya nyika hiyo hupukutisha majani kiangazi ili kuokoa maji, na setilaiti huona majani, haioni mizizi. Kijivu cha Septemba huko ni jambo la kawaida. Cha kutisha ni kijivu cha Desemba, wakati mvua za vuli zilipaswa kuwa zimeshaamsha kila kitu.

Ndiyo maana Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame nchini Kenya, NDMA, haiangalii wekundu peke yake. Hulinganisha hali ya mimea ya sasa na hali mbaya kabisa na nzuri kabisa zilizowahi kuonekana mahali hapohapo, msimu huohuo, miaka iliyopita. Jibu likiwa 0, hali ni mbaya kama ile mbaya kuliko zote. Likiwa 100, ni nzuri kama ile bora kuliko zote. Likishuka chini ya 35, ukame umeanza kuhesabiwa. Kwa njia hii Garissa haipimwi kwa kipimo cha Kericho.

Sasa tazama upande wa magharibi wa mto, kwenye mradi wa umwagiliaji wa Bura. Mashamba yanayolimwa yana mipaka iliyonyooka, na rangi yake hupanda na kushuka kufuata kilimo: udongo mtupu, waridi, nyekundu kali, kisha majivu baada ya mavuno. Pembeni na kandokando ya mifereji kuna wekundu mwingine usiopangika, wenye giza kidogo, usiopungua hata kiangazi. Mara nyingi huo ni mathenge. Mti huu uliletwa Bura, Hola na Baringo mapema miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, ukapenda kingo za mto kuliko walivyotarajia walioupanda. Mizizi yake hufikia maji ya chini sana, kwa hiyo haukauki wenzake wanapokauka.

Kwa setilaiti mathenge ni mmea wenye afya njema. Kwa mfugaji ambaye nyasi zake zimefunikwa na vichaka vya miiba, ni hasara. Eneo likivamiwa, fahirisi inaweza kupanda huku malisho yakipungua, na afisa anayesoma namba akiwa Nairobi akaona nafuu isiyokuwepo. Njia ya kuutambua ni kuchagua mwezi mkavu kuliko yote. Chochote kinachobaki chekundu hapo kina maji ya siri: ni msitu wa kando ya mto, ni shamba la kumwagilia, au ni mathenge. Baada ya hapo lazima mtu aende kwa miguu. Taarifa za NDMA zenyewe hukusanya pia maziwa yanayopatikana, umbali wa kufika majini na mzingo wa mkono wa watoto wadogo, na kwa maoni yangu ukurasa huo wa mzingo wa mkono ndio wa kusomwa kwanza.

Kuna wakati wekundu unaotapakaa ni onyo la maradhi. Homa ya Bonde la Ufa huenezwa na mbu, na katika nyika za Garissa virusi vyake vinaweza kukaa kwenye udongo miaka mingi vikiwa ndani ya mayai ya mbu wa jamii ya Aedes. Mayai hayo hutagwa kwenye mabonde madogo ambayo hufurika mara chache. Mvua kubwa ikija na maji yakatuama kwa wiki mbili hivi, mayai huanguliwa, mbu wakaanza kuuma mifugo. Mvua hiyohiyo huotesha majani, na majani hayo ndiyo setilaiti huyaona.

Wanasayansi wa NASA na Wizara ya Kilimo ya Marekani walitumia uhusiano huo mwaka 2006. Waliunganisha joto la Bahari ya Pasifiki na Bahari ya Hindi, mvua, na hali ya mimea iliyozidi kiwango cha kawaida, wakatoa tahadhari kuanzia Septemba kwamba Afrika Mashariki ilikuwa hatarini. Setilaiti walizotumia kwa mimea zilikuwa na nukta za kilomita moja au zaidi, si mita 10, lakini mafungu ya mwanga yalikuwa yaleyale mawili. Desemba, wagonjwa wa kwanza walithibitishwa Garissa. Wachambuzi walikuja kukadiria kuwa ramani zilitangulia wagonjwa kwa wiki mbili hadi sita. Hata hivyo, chanjo ya mifugo ilianza watu wakiwa wameshaugua. Zaidi ya watu 100 walifariki Kenya, na mwaka 2007 ugonjwa ukaingia Tanzania ukaua wengine zaidi ya 100.

Kuchelewa huko kulikuwa na sababu ya kibinadamu na ya kimaumbile. Ya kibinadamu ni fedha na uamuzi. Ya kimaumbile ni kwamba wekundu hufuata mvua. Nyasi za nyika huchukua wiki kadhaa kufunika udongo, na katika wiki hizo mawingu huziba picha nyingi, yakionekana meupe na vivuli vyake vyeusi vikifanana na maji. Picha ya mimea hukuambia mvua iliyokwisha kunyesha. Atakayeingoja peke yake hukuta mbu wameshaanza kazi, ndiyo maana walioonya mwaka 2006 walianzia baharini.

Picha hizi za Sentinel-2 hutolewa bure kwenye Copernicus Browser. Chagua mandhari ya False Color, kisha linganisha mwezi mmoja wa miaka mitatu au minne tofauti, usiridhike na picha moja. Na kwa mfugaji wa Ijara, Hola au Garsen: vuli ikizidi kiasi na mabonde yakijaa, usingoje nyika iwe nyekundu kuliko miaka mingine, mwite daktari wa mifugo achanje kabla mimba hazijaanza kutupwa. Zikishaanza, usichinje mnyama mgonjwa, usishike kijusi kwa mikono mitupu, na chemsha maziwa.