Mshahara Umepungua? Anzia Mstari wa Juu

Mshahara ukiingia pungufu, chukua hati ya mshahara ya mwezi huu, uiweke kando ya ile ya mwezi uliopita. Tazama kwanza mshahara ghafi, yaani jumla kabla ya makato. Kama umeshuka, huenda posho au malipo ya saa za ziada hayamo. Kama haukubadilika, kilichobadilika ni makato.

Tuchukue mfanyakazi wa kampuni binafsi Tanzania Bara, mshahara wake shilingi 1,000,000 bila posho. NSSF inakatwa asilimia 10, yaani 100,000. Kodi ya mshahara, inayoandikwa PAYE, hupigwa kwenye 900,000 zinazobaki, wala si kwenye milioni nzima. Hapo wengi hukosea hesabu, wakadhani wameibiwa. Kwa viwango hivi kodi ni 103,000: 68,000 kwa sehemu ya hadi 760,000, kisha asilimia 25 ya 140,000 zilizozidi. Mkononi anapata 797,000.

Mwezi huu amepata 647,000. Mshahara ghafi ni uleule, NSSF na kodi vilevile, ila umeongezeka mstari wa HESLB: 150,000. Ni marejesho ya mkopo wa chuo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Makato hayo hayapunguzi kodi, ndiyo maana maumivu yake huonekana yote.

Ukiukuta mstari huo, omba Bodi ya Mikopo taarifa ya deni lako. Kama ulishamaliza au hukukopa kabisa, peleka uthibitisho kwa mhasibu kabla mishahara ya mwezi ujao haijaandaliwa.