Laptopu imeganda? Usikimbilie kulaumu prosesa

Ukiingia Luthuli Avenue kusaka laptopu ya mtumba, kitu cha kwanza utakachotajiwa ni prosesa. "Hii ni i5, buda, inatembea!" Unalipa, unaifikisha keja, unafungua kurasa kumi na tano za Chrome, wimbo unacheza, CV iko kwenye Word. Halafu mashine inaganda, kiduara kinazunguka tu. Hiyo i5 imeenda wapi?

Iko tu, na mara nyingi haina kazi. Inangoja data.

Waliosoma kompyuta wanaijua ile piramidi ambayo walimu hupenda kuchora ubaoni. Juu kabisa, pale penye ncha, kuna rejista, ndani ya prosesa yenyewe. Chini yake kuna kache, halafu RAM, na kule chini kwenye kitako kipana kuna diski. Ukipanda, kasi inaongezeka, lakini nafasi inapungua na bei ya kila baiti inapaa. Nilipoiona chuoni, kabla sijaachana na mambo ya chuo, niliona mchoro wa mtihani tu. Kumbe ndiyo inayoeleza kwa nini laptopu yako inakutesa.

Namba zake halisi ni ndogo mno kwa kichwa cha binadamu, kwa hivyo tuzikuze. Tuseme nanosekunde moja iwe sekunde moja. Prosesa ikitafuta kitu kwenye kache ya karibu, inakipata kwa sekunde moja hivi. Ikikosa huko, inaenda RAM: kama sekunde 100, dakika moja na nusu na ushee. Ikibidi kwenda kwenye SSD, ni zaidi ya siku nzima. Na ikiwa diski ni ile ya zamani inayozunguka, msee, ni karibu miezi minne. Miezi minne kungoja kitu kimoja!

Hiyo diski ya kuzunguka inachelewa kwa sababu ni chuma kinachosogea. Za laptopu nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 11 hivi. Mkono wake lazima uhamie mahali panapofaa, kisha ungoje data ipite chini yake. SSD haina kitu kinachosogea, ndiyo maana inaiacha mbali hivyo.

Utauliza, si watengeneze mashine yote kwa kache basi? Haiwezekani kwa bei yetu. Biti moja ya kache kwa kawaida inahitaji transista sita, ilhali ya RAM inahitaji moja na kapasita ndogo. Halafu kache ikiwa kubwa, data inasafiri mbali zaidi ndani ya chipu, na ile kasi unayoitafuta inapotea. Ndiyo maana kache ya karibu kabisa mara nyingi ni KB 32 tu kwa kila kiini cha prosesa.

Sasa rudi kwa laptopu yako ya RAM GB 4. Windows inakula sehemu kubwa, Chrome inamaliza iliyobaki. RAM ikijaa, Windows haikatai kazi. Inachukua vitu ambavyo hujavigusa kwa muda na kuvihamishia kwenye diski, ndani ya faili inayoitwa `pagefile.sys`. Ukirudi kwenye ukurasa wa zamani, inabidi uletwe tena, na ili upate nafasi, kingine kitolewe. Ukirukaruka kati ya kurasa, kila mruko ni maelfu ya hizo safari za miezi minne.

Kuthibitisha ni rahisi. Bonyeza `Ctrl+Shift+Esc` mashine ikiwa imeganda. Ukiona Memory iko juu ya asilimia 90, Disk imegonga 100, na CPU iko chini, basi umeipata. CPU ikiwa ndiyo imegonga 100, hilo ni tatizo lingine na RAM haitakusaidia.

Kama pesa inatosha kitu kimoja na diski ni ya kuzunguka, mimi ningeanza na SSD. Hata kuwaka kutakuwa haraka, na RAM ikijaa utangoja siku moja badala ya miezi minne. Lakini usidanganyike kwamba SSD ni RAM. Siku dhidi ya dakika bado ni mbali. Kama tayari una SSD na Memory inajaa kila mara, ongeza RAM.

Na kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji afungue kifuniko cha chini. Kuna laptopu, hasa zile nyembamba za kupendeza, ambazo RAM imechomelewa kwenye bodi. Uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo.